Likizo ni Yako, Tarehe ni ya Mwajiri

Desemba inapokaribia, tangazo la namna hii hubandikwa kwenye mbao za viwanda na ofisi: kazi itasimama kuanzia tarehe 16 Desemba hadi 12 Januari, na siku hizo zitahesabiwa kuwa likizo ya mwaka. Ni siku 28 kamili. Ndani yake zimo Krismasi, siku inayofuata, Mwaka Mpya na Mapinduzi, na wafanyakazi hunung'unika kwamba sikukuu zao zimemezwa. Je, mwajiri ana haki hiyo?

Kwa Tanzania Bara, jibu limo katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi anastahili siku 28 mfululizo zenye malipo katika kila mzunguko wa likizo, yaani miezi 12 ya kazi kuanzia siku aliyoajiriwa. Siku hizo ni za kalenda, kwa hiyo Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa. Tena sheria imempa mwajiri uwezo wa kupanga likizo ichukuliwe lini. Kwa hiyo anaweza kuikataa tarehe uliyoomba, na anaweza kuwapeleka wote likizo kiwanda kinapofungwa.

Uwezo huo, hata hivyo, una kikomo cha muda. Tumchukue mshonaji aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2024. Mzunguko wake wa kwanza uliisha tarehe 28 Februari 2025. Aliomba likizo mwezi Aprili akaambiwa kuna oda ya haraka. Akaomba tena Juni, akajibiwa asubiri kiwanda kifungwe Desemba. Jibu la Aprili lilikuwa halali. La Juni lina kasoro, kwa sababu likizo ya mzunguko ulioisha lazima itolewe ndani ya miezi sita, na kwa mshonaji huyu mwisho ulikuwa tarehe 31 Agosti 2025. Kuivusha hapo kunawezekana hadi miezi 12 baada ya mzunguko kuisha, ila kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi mwenyewe akubali, na mahitaji ya kazi yawe yanadai hivyo kweli.

Tuseme alikubali, akapumzika Desemba. Siku 28 alizotumia ni kiporo cha mzunguko wa kwanza. Zile za mzunguko wa pili, unaoisha Februari 2026, bado ziko palepale, na mwajiri ana hadi mwisho wa Agosti 2026 kumpa. Hapa ndipo wengi hupunjwa: ofisi ya utumishi huandika "likizo imechukuliwa" bila kutaja ni ya mzunguko upi, na mwaka mzima unapotea kwenye daftari. Kwa hiyo fomu ya likizo itaje mzunguko, nawe ubaki na nakala.

Nakala ina kazi nyingine pia. Sheria inaweza kumnyima mfanyakazi malipo ya likizo aliyoiacha ikapitiliza muda wake. Aliyeomba kwa maandishi akakataliwa ana cha kuonyesha. Aliyeomba kwa mdomo mlangoni kwa msimamizi atabaki kubishana.

Vipi kwa yule ambaye kiwanda kinafungwa naye ameshamaliza siku zake? Mwajiri hawezi kumwandikia likizo bila malipo kwa tangazo tu. Hayo ni mabadiliko ya masharti ya ajira, na yanahitaji mashauriano na ridhaa yake. Vilevile, aliye kwenye likizo ya ugonjwa au ya uzazi wakati wa kufunga hawezi kukatwa siku hizo kwenye likizo yake ya mwaka. Anayekwenda likizo naye anapaswa kulipwa mshahara wa kipindi hicho kabla hajaondoka.

Ajira ikikoma katikati ya mzunguko, likizo hugeuzwa kuwa fedha: malipo ya siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi hujiwekea malipo ya siku mbili kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 390,000, ambao ni 15,000 kwa siku, akiondoka baada ya miezi tisa ya mzunguko anadai siku 18, yaani shilingi 270,000, mbali na kiporo halali cha nyuma.

Mazungumzo na ofisi ya utumishi yakishindikana, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza fomu namba moja ya Tume. Mgogoro wa likizo hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukihusu kuachishwa kazi, ni siku 30. Barua ya kukataliwa iwe na tarehe, maana kuhesabu siku hizo huanzia hapo.