Kivinjari Kinaposema Hakikufika

Alasiri moja nilikuwa steshenari ya jirani yangu, binti mmoja akijaza maombi ya chuo. Kurasa ikagoma kufunguka, na kwenye kioo yakatokea maneno `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`. "Kaka, mtandao umekata?" akauliza. Mwenye duka akazima ruta, akaiwasha, maneno yakarudi yaleyale. Lakini kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, mteja mwingine alikuwa akiongea na nduguye kwa video, na ruta ilikuwa hiyohiyo.

Mtandao haukuwa umekata. Kilichoshindikana kilikuwa hatua ya kwanza tu ya safari. Kompyuta hazitafutani kwa majina bali kwa namba, kwa hiyo ukiandika jina la tovuti, kivinjari huanza kwa kuuliza seva ya majina, ambayo mafundi huiita DNS, namba ya tovuti hiyo ni ipi. Ujumbe ule maana yake ni kwamba namba haikupatikana, na tovuti yenyewe bado haijabishiwa hodi. Yule nduguye wa kwenye video aliendelea kuonekana kwa sababu namba yake ilishajulikana tangu simu ilipounganishwa.

Kabla ya kulaumu chochote, soma upya jina uliloandika, maana herufi moja ikikosewa jibu huwa hilohilo. Jina likiwa sahihi, uliza sehemu mbili. Tulifungua dirisha la amri tukaandika hivi, tukiweka jina la tovuti yake mahali pa `example.com`:

```
nslookup example.com
nslookup example.com 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza huuliza seva ya majina unayoitumia kila siku, na ya pili huiuliza seva ya wazi ya Google. Ya kwanza haikupata jibu, ya pili ikaleta namba papo hapo. Basi tatizo likawa ni seva ya majina ya mtoa huduma wa duka. Tukaingia kwenye mipangilio ya ruta, tukaandika `8.8.8.8`, kurasa ikafunguka. Kama zote mbili zingekosa jibu, ningeshuku wenye tovuti wenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotea duniani kwa takriban saa sita, kwa sababu hitilafu ya ndani iliziondoa seva zake za majina kwenye ramani ya mtandao. Siku kama hiyo, kubadilisha mipangilio nyumbani hakusaidii kitu.

`ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` ni jambo jingine kabisa. Hapa namba imepatikana na hodi imepigwa, ila hakuna aliyeitikia. Kompyuta hurudia hodi mara kadhaa, kila mara ikisubiri zaidi, kisha hukata tamaa. Ukimya huo hutokea seva ikizidiwa na wageni, kizuizi cha usalama kikiutupa ujumbe bila kujibu, au njia ikiwa imekatika. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, dalili kama hii ilitarajiwa. Jaribu tovuti nyingine iliyo mbali: ikifunguka, subiri hiyo moja, zote zikikaa kimya, mpigie mtoa huduma wako.

Turudi kwa binti. Fomu ilijaa, akabonyeza kutuma cheti, na baada ya sekunde chache ikaja `ERR_CONNECTION_RESET`. Ujumbe huu hauhusu ukimya hata kidogo. Mazungumzo yalishaanza, na katikati ukaja ujumbe mfupi uitwao RST, unaoamuru muunganisho ufungwe mara moja. Swali ni nani aliyeutuma. Anaweza kuwa seva, anaweza kuwa kifaa cha njiani kinachochuja mawasiliano, na aliye njiani huweza kujifanya ni upande wa pili. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani, Comcast, iligundulika ikituma RST za aina hiyo kukatiza wateja waliokuwa wakibadilishana mafaili kwa BitTorrent.

Njia ya kutofautisha ni kubadili njia. Tuliunganisha kompyuta kwenye bando la simu yangu, muunganisho ukakatwa palepale, kwa hiyo tukamwachilia mtoa huduma wa duka. Kisha tukaangalia faili: cheti kilichopigwa skani kilikuwa na MB 18, na maelezo ya fomu yalitaka kisizidi MB 2. Seva nyingine zikiletewa mzigo mkubwa kupita kiasi hufunga mlango kabla hazijamaliza kuupokea, na kivinjari hakipati hata nafasi ya kuonyesha sababu. Tukapunguza ubora wa skani hadi MB 1, ikapokelewa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, msomaji, ukimpigia fundi usimwambie tu kwamba mtandao unasumbua. Piga picha ya kioo, msomee msimbo ule herufi kwa herufi, kisha umwambie kama kwa bando la simu nyingine kurasa hiyo inafunguka.