Laki tatu za uhakika au laki saba za "tukishinda"?

Muhula uliopita nilipata mchongo wa kutengeneza tovuti ya kurasa sita kwa kampuni ndogo iliyokuwa inaomba tenda. Bosi akaniambia: "Mdogo wangu, chagua. Laki tatu siku unayokabidhi, au laki saba tukishinda. Tukikosa, hakuna kitu." Washkaji wa geto wote walisema saba.

Mimi nilianza na hesabu moja. Gawanya 3 kwa 7, unapata kama asilimia 43. Maana yake, laki saba zinaanza kulipa kuliko tatu pale tu uwezekano wa kuzipata unapozidi asilimia 43.

Sasa uwezekano wenyewe unaupata wapi? Bosi alisema ana uhakika, lakini nani huomba tenda akisema atakosa? Nikamuuliza ameshaomba ngapi za aina hiyo. Tano, akashinda tatu. Hiyo ni asilimia 60, ingawa tenda tano ni chache mno kuzitegemea. Kwa 60, laki saba zinaonekana kushinda: 700,000 mara 0.6 ni 420,000.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Kushinda tenda ni jambo moja, kunilipa ni jambo lingine. Yeye mwenyewe angesubiri kulipwa kwanza, na jamaa aliyewahi kumfanyia kazi aliniambia alizungushwa sana. Nikakadiria kwamba akishinda, nafasi ya mimi kuona hela yote ni asilimia 70. Zidisha 0.6 kwa 0.7, unapata 0.42. Laki saba zimeshuka hadi 294,000, chini ya zile tatu za uhakika.

Tofauti ni elfu sita tu, na asilimia zangu ni za kukisia, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake isingeniamulia. Kilichoamua ni kodi: 180,000 ya miezi mitatu, na bumu lilikuwa halijatoka. Wastani una maana ukiwa na michongo ishirini kama huo, ambapo wa leo unafidia wa jana. Mimi nilikuwa nao mmoja. Daniel Bernoulli alishaliandika hili mwaka 1738: shilingi ileile ina uzito mkubwa kwa mwenye nazo chache. Kwangu, kutoka sifuri hadi laki mbili ni kubaki na chumba. Kutoka tano hadi saba ni simu mpya.

Basi sikuchagua lolote kati ya yale mawili. Nilimwomba 200,000 siku ya kukabidhi na 250,000 akishinda, yote kwenye mkataba, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ile ya pili kwa 0.42 ni 105,000, jumla 305,000, na hata akikosa, kodi imelipwa. Alinung'unika kidogo, akasaini.

Tenda walishinda. Kwenye ile 250,000 nimeshapokea laki moja, na tarehe ya mkataba imepita wiki tatu sasa.