Fahamu: Mwili wako unahitaji kalori ngapi kwa siku?

Wataalamu wengi wa lishe hutumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990. Mwanamke huzidisha uzito wake wa kilo kwa 10, akajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, akatoa umri mara 5, kisha akatoa 161. Mwanamume hujumlisha 5 badala ya kutoa 161.

Mwanamke wa miaka 35, kilo 70 na sentimita 160 hupata 1,364, kalori za mwili uliopumzika. Akishinda amekaa ofisini, huzidisha kwa 1.2 na kupata takriban 1,637. Akifanya mazoezi ya wastani, huzidisha kwa 1.55, yaani 2,114.

Wengi hukosea hapo, kwa kujihesabia shughuli wasizozifanya. Jipime kwa wiki tatu; uzito ukipanda, punguza makadirio.