Amekata, Amefuta, Ameandika Juu: Jibu Lake ni Lipi?

Siku hizi karatasi nyingi za majaribio hazimfikii mwalimu mkononi. Mzazi huipiga picha kazi ya mtoto ikiwa mezani, huituma kwa wasapu, na mwalimu huisahihisha akiwa kwenye foleni ya daladala. Kwa maswali ya kuchagua, kazi hii huonekana nyepesi: herufi imezungushiwa duara, basi ni kupata au kukosa. Ugumu huanza pale A imezungushiwa kisha ikakatwa, C nayo imezungushiwa, na katikati yake kuna kivuli cha penseli iliyofutwa nusu nusu.

Hapo mwalimu hatafuti jibu sahihi. Anatafuta herufi ambayo mtoto alibaki nayo alipoweka kalamu chini. Mambo haya mawili yakichanganywa, usahihishaji umeshaharibika, kwa sababu anayejua kwamba jibu ni C ataiona C hata penye ukungu. Akimpenda mwanafunzi ataona amechagua C; akimwona mvivu ataona ameikata. Kwa hiyo msahihishaji makini huufunika mwongozo wa majibu kwanza. Hupitia karatasi nzima akiandika pembeni herufi anayoamini imebaki, na penye shaka huweka alama ya kuuliza. Akimaliza karatasi yote ndipo huufunua mwongozo.

Kuna walimu wanaoamini kwamba jibu la kwanza ndilo la moyoni, hivyo likifutwa nusu nusu wao hulihesabu hilo. Imani hiyo ilipimwa. Mwaka 2005, Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois, ambapo walihesabu alama za kufuta kwenye mitihani ya wanafunzi zaidi ya 1,500. Karibu nusu ya mabadiliko yote yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na karibu robo tu yalikwenda kinyume chake. Mwanafunzi anayebadilisha, basi, kwa kawaida ana sababu, na mwenye kusahihisha hana ruhusa ya kumrudisha alikotoka.

Sasa tuchukue karatasi moja ya mfano: Sayansi, maswali 20, herufi A hadi D, kalamu ya wino wa bluu. Kabla ya kugusa swali lenye utata, soma yale yasiyo na utata, maana hayo ndiyo yanayokuonyesha tabia ya mkono wa huyu mtoto. Katika maswali 15 amezungusha duara moja tu na hakuna fujo. Kwake yeye duara ni kuchagua. Swali la 7 lina duara kwenye A na alama ya X juu yake, na duara jingine safi kwenye C. Kwa mtoto huyu X ni kukata, kwa hiyo jibu ni C, na hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Ingekuwa ni mtoto mwingine, aliyezoea kuchagua kwa X, picha ileile ingesomeka tofauti kabisa. Huyo, X yenye duara kwenye A yaweza kuwa jibu alilolifuta kwa kulizungushia, au jibu alilokwisha kulikata kisha akalirudia. Usijaribu kuamua kwa kutazama ni mstari upi umepita juu ya mwenzake. Hata wataalamu wa nyaraka wenye darubini hupata taabu kupanga mfuatano wa mistari miwili ya wino mmoja, seuze wewe na picha ya simu.

Swali la 11 lina mtego unaowanasa wengi. A, B na D zimepigwa mstari mmoja mwembamba kila moja. C haina kitu. Je, mtoto alichagua majibu matatu akayakata yote? La. Wanafunzi wengi hufundishwa kuondoa kwanza majibu wanayojua si yenyewe, na mistari ile ni kazi ya kufikiri, haikuwa ya kujibu. Utaitambua kwa kuwa mistari ya kuondoa huwa myepesi, haina duara chini yake, na hujitokeza pia kwenye maswali mengine aliyoyajibu vizuri. Mkato wa kughairi huwa mzito, mara nyingi umerudiwa mara mbili tatu, na chini yake lipo duara. Lakini tahadhari: C haikuzungushiwa. Huenda alisahau, huenda alikwama kati ya kusita na kuamua. Hilo nalo linapata alama ya kuuliza.

Swali la 14 liko kwenye sehemu ambayo herufi huandikwa juu ya kistari. Mtoto ameandika D na B juu kwa juu, herufi nene yenye tumbo mbili. Hapa wino una kanuni moja nzuri: kalamu huongeza, haipunguzi. Ukiwa na D, utaigeuza kuwa B kwa kuirudi na kuibana kiunoni. Ukiwa na B huwezi kuigeuza kuwa D bila kukifuta kile kiuno, na wino haufutiki. Kwa hiyo, ukikuta kiuno cha B kimechorwa wazi, na mgongo wa D unaonekana nyuma yake kama mstari wa pili, herufi ya mwisho ni B. Kinyume chake, kiuno kikiwa kimesongwa kwa wino mwingi huku ukingo wa nje ukiwa mnene, huenda alikuwa anakizika kiuno hicho ili ibaki D. Kanuni hii haifanyi kazi kwa herufi zisizobebana, kama A na C. Hizo zikirundikana hubaki rundo tu. Wala haifai kwa penseli, kwa sababu penseli inafutika.

Penseli ina mambo yake. Kifutio huondoa unga wa penseli ulio juu ya karatasi, lakini kile kilichozama kati ya nyuzi hubaki, pamoja na mfereji mdogo uliokandamizwa na ncha. Karatasi ikiwa mkononi, kazi ni rahisi: iinue kwenye mwanga unaotoka ubavuni na mfereji utaonekana. Mfereji huo hukuambia tu kwamba palikuwa na alama, haukuambii kama mtoto bado anaitaka. Kinachosaidia zaidi ni kulinganisha weusi, tena kulinganisha na alama nyingine za mtoto huyohuyo. Kuna watoto wanaokandamiza hadi karatasi inatoboka na wengine wanaogusa tu, na kivuli chepesi cha wa pili chaweza kuwa jibu kamili ilhali kwa wa kwanza ni mabaki.

Mashine za kusoma fomu za kujibia hufanya jambo lilelile. Nchini Tanzania, tangu 2012 watahiniwa wa darasa la saba huweka kivuli kwenye herufi za fomu maalumu, kwa penseli ya HB, na mashine hupima weusi wa kila kisanduku. Kimoja kikiwa kimekolea waziwazi kuliko vingine, hicho ndicho jibu; viwili vikikaribiana, mashine haina namna ya kujua ni kipi kilichokusudiwa. Ndiyo maana maelekezo husisitiza kufuta kabisa. Mtoto anayefuta kwa kidole chenye mate hutandaza unga wa penseli hadi kisanduku cha jirani, na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Picha ya simu huleta hila zake, na mbaya zaidi ni mwanga wa kamera. Unga wa penseli hung'aa kama chuma. Ukiwashiwa mwanga wa simu kutoka juu moja kwa moja, kisanduku kilichojazwa sana hurudisha mwanga na kutoka kikiwa kijivu, huku kile kilichofutwa, ambacho haking'ai, kikibaki kama kilivyo. Jibu na mabaki hukaribia kulingana. Hila ya pili ni ile namna ya kupiga ambayo simu hujaribu kuisafisha picha ionekane kama fotokopi: kila kijivu hulazimishwa kuwa cheusi au cheupe, na alama iliyofutwa ama hupotea kabisa ama hufufuka ikiwa jibu kamili. Hila ya tatu ni wasapu wenyewe, unaobana picha ili itumwe haraka na kuivuruga kingo za mistari myembamba. Na kwenye daftari jepesi, wino wa ukurasa wa nyuma hupenya ukaonekana kama mkato hafifu. Huo utaujua kwa kuwa hufuata mistari ya maandishi yaliyogeuka kinyume.

Kwa hiyo mwombe mzazi picha ya pili kabla hujaanza kubuni. Karatasi ikae karibu na dirisha, mwanga wa kamera uzimwe, rangi ziachwe kama zilivyo, swali lenye utata lipigwe kwa karibu, na picha itumwe kama faili badala ya picha ya kawaida. Mara nyingi utata wote huishia hapo.

Usipoisha, muulize mtoto, lakini kwa namna isiyomwonyesha njia. Ukisema, "Mwanangu, la 11 ulitaka C, sivyo?" umeshampa jibu. Sema tu, "Katika swali la 11 ulichagua herufi gani?" na umuulize kabla hajapata majibu kutoka kwa wenzake. Kama wamekwisha kujadili, maelezo yake hayana uzito tena, na swali hilo lihesabiwe kama lisilojibiwa. Ni uchungu kwa mtoto mmoja, lakini ukimhurumia huyo unamdhulumu aliyekata vizuri na akakosa.

Kwenye mitihani ya nchi nyingine utata huu umeshughulikiwa mapema, kwa kuweka alama ya kughairi na alama ya kurudi. Katika mtihani wa Hisabati wa kumaliza sekondari nchini Austria, mtahiniwa huchagua kwa X. Akighairi hukijaza kisanduku chote. Akitaka kukirudia kile alichokijaza, hukizungushia duara. Katika mitihani ya Skotilandi, jibu lililokatwa hurudishwa kwa alama ya vema upande wake wa kulia. Shule za Indonesia huchagua kwa X na kughairi kwa mistari miwili ya kulala juu yake. Ukitazama, X ya Indonesia iliyopigwa mistari miwili ingeonekana kwa mwalimu wetu kama jibu lililosisitizwa.

Jaribio la darasani halihitaji mfumo mkubwa hivyo. Linatosha agizo moja juu ya ukurasa wa kwanza, mwalimu alisome kwa sauti kabla ya kuanza: "Zungushia herufi moja. Ukibadilisha, kata ya zamani kwa X, zungushia mpya, kisha uandike herufi yako ya mwisho kwenye ukingo wa kushoto."