Bei ya Nairobi si bei ya New York

Februari 2023, Wakenya waliokuwa wakilipa shilingi 700 kwa mwezi kwa kifurushi cha msingi cha Netflix walishushiwa bei hadi shilingi 300. Filamu ni zilezile, kampuni ni ileile, na huko Marekani hakuna aliyepunguziwa kitu. Mwaka huo Netflix ilishusha bei katika nchi 116, ambazo kwa pamoja zilikuwa zimeiletea chini ya asilimia 5 ya mapato yake ya 2022.

Ujasiri huo ilikuwa imeupata India. Desemba 2021 kifurushi cha msingi huko kilitoka rupia 499 hadi 199, na kile cha kati kutoka 649 hadi 499. Anayepanga bei za namna hii hatazami kiwango cha kubadilishia dola tu, bali pia mshahara wa mahali na kile ambacho fedha hiyohiyo ingenunua sokoni.

Hesabu ya rupia 199 ni kali. Mteja mmoja wa zamani alikuwa na thamani ya wateja wawili na nusu wa sasa, kwa hiyo kampuni ikivuta wateja maradufu tu, bado imepata hasara. Na wapo wanaoteremka: aliyekuwa akilipa 649 anaona 199 zinamtosha. Kwa upande mwingine, aliyekuwa akilipa 199 kutazama kwenye simu pekee sasa alipata hadi televisheni kwa fedha hizohizo, hivyo hakuwa na sababu ya kuondoka. Kinachoiokoa kampuni ni kwamba kumwonyesha mtu mmoja zaidi filamu iliyokwisha kutengenezwa ni gharama ndogo mno.

Matokeo? Wastani wa mapato kwa kila mteja katika Asia na Pasifiki ulishuka kutoka dola 9.26 kwa mwezi mwishoni mwa 2021 hadi 7.69 mwaka mmoja baadaye, ingawa kupanda kwa dola nako kulichangia. Ukiutazama wastani huo peke yake utadhani biashara inazama. Kumbe mapato ya India, ukiondoa athari za sarafu, yalikua kwa asilimia 24 mwaka 2022, dhidi ya 19 mwaka uliotangulia. Sifa zote si za bei, maana filamu na tamthilia za huko nazo ziliboreshwa.

Hatari kubwa ni mteja tajiri kujipenyeza kwenye bei ya maskini. Mwaka 2024 YouTube ilianza kufuta usajili wa watu waliotumia VPN kujifanya wako nchi za bei nafuu. Kinga ya kawaida ni kudai kadi ya benki ya nchi husika, lakini kinga hiyo humkwaza hata mwenyeji asiye na kadi. Kwa soko letu, anayeshusha bei bila kupokea malipo ya simu amefanya nusu ya kazi.