Lita zinaingia, kilo zinatoka: maziwa ya kituo yanapotelea wapi?

Tuchukue kituo kimoja cha kukusanyia maziwa kijijini, cha aina inayopatikana kwa wingi Lushoto au Rungwe. Asubuhi wafugaji 62 wameleta ndoo zao, karani amepima kwa jagi, na daftari linasoma lita 620. Maziwa yanafika kiwandani, yanapandishwa kwenye mizani, na stakabadhi inarudi na kilo 628. Karani anaona nambari ya kiwanda imezidi yake kwa nane, anafunga daftari akiwa na amani. Kumbe siku hiyo kituo kimepoteza zaidi ya lita 10.

Kosa lake ni kulinganisha lita na kilo kana kwamba ni kitu kimoja. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, lakini maziwa yamebeba protini, sukari na madini, hivyo ni mazito kuliko maji. Uzito huo wa kila lita ndio densiti. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, kinataka densiti iwe kati ya 1.028 na 1.036 kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi.

Kifaa cha kuipima tayari kipo kituoni. Ni laktomita ileile inayotumika kuwabaini wanaotia maji. Tatizo ni kwamba ikishatamka maziwa ni safi, usomaji wake husahaulika, wakati ndio ufunguo wa hesabu nzima. Tuseme maziwa yaliyochanganywa yana nyuzi 27 na laktomita inasoma 28.6. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 tunaongeza 0.2, kwa hiyo nyuzi saba zinatupa 1.4, na jumla ni 30. Maana yake densiti ni 1.030. Tahadhari moja: maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo bado yana hewa ndani na laktomita huyasoma kuwa mepesi kuliko yalivyo. Yaache yatulie kwanza.

Sasa hesabu inakwenda sawa. Lita 620 mara 1.030 ni kilo 638.6. Kiwanda kimepokea 628. Zimekosekana kilo 10.6, ambazo ukizigawa kwa 1.030 ni lita 10.3. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita, ni shilingi 10,300 kwa siku, na kwa siku 30 ni shilingi 309,000.

Hapo ndipo dereva huanza kutazamwa kwa jicho baya. Binafsi ningeanza na povu. Mfugaji akimimina kwa kasi, povu hupanda, na karani mwenye haraka husoma alama ya juu ya povu badala ya usawa wa maziwa yenyewe. Desilita moja tu kwa kila mfugaji, kwa watu 62, ni lita 6.2 zilizolipiwa ambazo hazikuwahi kuwepo. Kisha kuna makopo. Lita 620 zinahitaji makopo 13 ya lita 50, na yakimiminwa bila kuachwa yachuruzike, mililita 200 zikibaki katika kila moja ni lita 2.6. Tumeshafika 8.8. Kinachobaki ni lita moja na nusu, ambayo vipimo na kumwagika vinaweza kuimaliza. Dereva hajagusa kitu. Angekuwa ametoa maziwa na kujazia maji, uzito ungekaribia kulingana, lakini densiti ingemsaliti: sehemu moja ya maji katika kila kumi hushusha usomaji wa laktomita kutoka 30 hadi 27.

Vituo vingine vimekimbilia mizani ili kuepuka povu, na ni uamuzi mzuri, ila una shimo lake. Mfugaji anapimiwa kilo 10, karani anaandika "lita 10" na kumlipa kwa bei ya lita. Kiwanda nacho kinapokea kilo 620, kinazigawa kwa 1.030, kinalipia lita 602. Lita 18 zimetoweka kwenye karatasi bila tone kumwagika, na kwa mwezi zinapita 540. Kituo kinachoishi kwa faida ndogo kwa kila lita hakiwezi kustahimili hilo, na kamati itamtafuta mwizi ambaye hayupo.

Kwa hiyo, wanakamati, kabla ya kusaini mkataba mpya ulizeni kiwanda kinalipia lita au kilo, na kama ni lita, kinagawa kwa densiti ipi. Kisha mpangieni mfugaji bei kwa kipimo mnachompimia, na mumweleze mapema: shilingi 1,000 kwa lita ni shilingi 971 kwa kilo.