Silabusi, slaidi na maneno ya Profesa: lini kuvitaja, lini kuviacha

Katika kazi za mwisho wa masomo ninazosoma kila mwaka, kuna sentensi moja ambayo naijua kabla ya kufungua ukurasa wake. Inasema hivi: «Kufuatana na Guthrie (1948), Mashi ni lugha ya Kibantu yenye namba J53.» Mwandishi ametaja jina, ametaja mwaka, na mabano yako mahali pake. Lakini sentensi hiyo haiwezi kuwa kweli, na kosa lake linatufundisha karibu yote tunayopaswa kujua kuhusu kutaja silabusi, slaidi na daftari.

Malcolm Guthrie aligawa lugha za Kibantu katika kanda, na kila kanda akaipa herufi. Alianza na A, lakini baadhi ya herufi aliziruka, na J ni mojawapo. Haimo katika kitabu chake cha mwaka 1948, wala katika juzuu nne alizozitoa kati ya 1967 na 1971. Kwake yeye Mashi iko katika kanda D, na namba yake ni D53, jirani na Kihunde (D51). Kinyarwanda ni D61, Kirundi ni D62. Kanda J ilipendekezwa na wanaisimu wa Tervuren, Ubelgiji, hasa Meeussen. Waliona kwamba lugha za Maziwa Makuu, ambazo Guthrie alizigawa kati ya D na E, zinafanana vya kutosha kuwekwa pamoja. Baadaye Jouni Maho, aliposahihisha orodha ya Guthrie, alitafuta njia ya kati: aliacha herufi ya zamani na kuitangulizia J. Katika orodha yake ya mwaka 2009 Mashi inaandikwa JD53.

Basi msomaji anayejua mambo haya anaweza kutambua chanzo kwa kutazama namba tu. D53 ni ya Guthrie. J53 ni ya desturi ya Tervuren. JD53 ni ya Maho. Anayeandika «Guthrie (1948)» pembeni mwa J53 anatuambia, bila kutaka, kwamba kitabu hicho hakukifungua.

Namba hiyo ilitoka wapi? Kwa kawaida ilitoka katika silabusi ya isimu ya Kibantu. Mwalimu alieleza Guthrie katika aya moja, kisha katika jedwali akatumia namba za siku hizi, kwa sababu ndizo zinazotumika. Katika ukumbi wa masomo alieleza tofauti hiyo kwa mdomo. Maelezo ya mdomo hayakuingia katika fotokopi. Mwanafunzi akaona jina juu na namba chini, akaviunganisha. Mwaka uliofuata mwenzake alinakili kutoka kwake. Hakuna aliyedanganya, lakini sasa tuna rafu nzima ya kazi zinazompa Guthrie maneno ambayo hakuyasema.

Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapotoka. Silabusi inayosimulia kazi ya mtu mwingine isitajwe kama chanzo cha kazi hiyo. Isitajwe pia kwa siri, yaani kwa kuchukua jina na mwaka vilivyomo ndani yake na kuvitia katika mabano yako kana kwamba ulisoma wewe. Silabusi ya namna hiyo ni kibao cha njia: inakuonyesha uende wapi. Ukishafika, unataja mahali ulipofika.

Najua jibu la wanafunzi: «Mwalimu, Guthrie hayumo katika maktaba yetu.» Mara nyingi ni kweli. Lakini hilo halikulazimishi kurudi kwenye silabusi. Orodha ya Maho ya mwaka 2009 inapatikana bure mtandaoni, na ukiondoa J aliyoiongeza unaona mara moja herufi na namba ya Guthrie. Isome, kisha andika: «Mashi ina namba JD53 katika orodha ya Maho (2009), anayehifadhi D53 ya Guthrie.» Sentensi hiyo ni ya kweli, imetaja ulichokisoma, na inaweza kujibu swali lolote la jopo. Kama hukupata hata Maho, na umebaki na kitabu kingine kinachomsimulia Guthrie, basi sema hivyo waziwazi: «Guthrie, kama alivyotajwa na fulani», na katika orodha ya marejeo uweke kitabu cha huyo fulani peke yake. Guthrie hafiki kwenye orodha yako mpaka umfungue.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana kuna silabusi ambazo lazima zitajwe. Tuseme mwalimu wako alikwenda Walungu na Kabare, akarekodi wazungumzaji, na katika somo lake akatoa uchambuzi wa toni za vitenzi ambao hajauchapisha popote. Uchambuzi huo ni wake. Ukiutumia bila kumtaja umemwibia, hata kama alikupa fotokopi kwa mkono wake. Kigezo basi ni swali moja tu: wazo hili lilianzia kwa nani? Kama lilianzia kwa mwalimu, silabusi ni chanzo. Kama lilipita kwake tu, silabusi ni kibao.

Ukitaja silabusi, mpe msomaji vitu vitakavyomwezesha kuitafuta: jina la mwalimu, mwaka wa masomo, jina la somo, maneno «silabusi isiyochapishwa», kitivo na chuo, na namba ya ukurasa ndani ya maandishi. Mwaka wa masomo si pambo. Silabusi hubadilika, ukurasa wa 34 wa mwaka juzi unaweza kuwa ukurasa wa 41 leo, au usiwepo kabisa.

Slaidi zinafuata njia hiyohiyo, na ugumu mmoja zaidi. Slaidi huandikwa ili mtu aizungumzie. Peke yake ni nusu ya sentensi. Ukiona kwenye slaidi «Mashi: D53 > J53», mshale huo una maana gani? Je, lugha ilihama, namba ilibadilishwa, au mwalimu anapinga moja na kukubali nyingine? Slaidi haisemi. Kwa hiyo taja slaidi kwa kitu kilichokamilika juu yake tu: jedwali, ramani, mfano uliochambuliwa. Toa namba ya slaidi na tarehe ya somo. Kama unachotaka ni maelezo yaliyozunguka mshale, slaidi haiwezi kukushuhudia.

Na daftari lako? Daftari ni maneno ya mwalimu yaliyopita katika masikio yako, katika chumba chenye kelele, kwa mkono unaokimbia. Ukiandika «Profesa alisema» kwa kutegemea daftari, unamfunga yeye kwa sentensi uliyoitunga wewe. Njia iliyo salama ni fupi. Andika sentensi unayotaka kumpa, mpelekee, kwa mkono au kwa barua pepe, na umuulize: «Profesa, je, hivi ndivyo ulivyosema, na unaniruhusu nikutaje?» Akikubali, daftari limekwisha kazi yake. Unachotaja sasa ni jibu lake, nalo linaitwa mawasiliano binafsi.

Mawasiliano binafsi yana adabu zake. Mtindo wa APA, ambao wengi wetu tunaufuata, unayataja ndani ya maandishi tu, kwa herufi za mwanzo, jina la ukoo, maneno «mawasiliano binafsi», na tarehe kamili yenye siku na mwezi. Hayawekwi katika orodha ya marejeo. Sababu ni kwamba orodha hiyo ni ahadi: kila kilichomo, msomaji anaweza kukifikia. Barua pepe iliyoko katika simu yako hawezi kuifikia. Kwa mantiki hiyohiyo, silabusi ambayo wasomaji wako hawawezi kuipata inatajwa kama mawasiliano binafsi. Silabusi au slaidi ambazo jopo na wenzako wanazo zinaweza kuingia katika orodha. Mitindo mingine inafanya tofauti: MLA, kwa mfano, inakubali mahojiano na mihadhara katika orodha yake. Chagua mmoja, uufuate mpaka mwisho.

Yapo mawasiliano ambayo hayatajwi kabisa. La kwanza ni lile usilopewa ruhusa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambamo mwalimu anakuambia kwamba kitabu cha mwenzake ni dhaifu ulikuwa wako wewe. Ukiuchapisha umemgombanisha na mtu, na huna ushahidi wowote ila simu. La pili ni shauri la mwongozi wako. Akikuambia «anza na fonolojia», hilo si chanzo. Nafasi yake ni katika shukrani. La tatu ni jambo ambalo kila mtu wa fani analijua. Kwamba Mashi ni lugha ya Kibantu halihitaji mabano, na kumtaja Profesa kwa ajili yake ni kumpa mzigo usio wake.

La nne linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linagusa watu wa nyumbani. Umekwenda kijijini, bibi mmoja amekutolea methali na sentensi mia moja. Wengi huandika jina lake na kuongeza «mawasiliano binafsi». Hapana. Bibi huyo ni mshiriki wa utafiti wako, na maneno yake ni data. Yaeleze katika sura ya mbinu: ulimrekodi lini, wapi, kwa ruhusa gani. Mpe alama, kwa mfano «MB1, mwanamke, mkulima, Walungu», na uitumie kila mara unapotoa mfano wake, huku sentensi zenyewe zikiwekwa katika kiambatisho. Kama yeye mwenyewe anataka ajulikane kwa jina, kwa kuwa hadithi ni ya ukoo wake, liandike jina lake na useme kwamba ndivyo alivyotaka. Uamuzi huo ni wa bibi.

Jambo la mwisho ni la mikono tu. Kila silabusi, slaidi au barua pepe uliyoitaja, hifadhi nakala yake na tarehe katika bahasha moja mpaka siku ya kutetea kazi. Mtahini akikuuliza «Ulisoma hili ukurasa gani?», ufungue bahasha, umwonyeshe. Na kabla ya siku hiyo, pitia mabano yako yote moja baada ya jingine. Kila bano ambalo huna cha kuonyesha nyuma yake, lifute, pamoja na sentensi iliyolitegemea.